Si Unakaa Hapo Hapo Kaole?

Dalali akikupeleka kutazama nyumba Kaole atakutajia upepo, minazi, maji ya bomba yanayotoka siku yanapojisikia, na bodaboda za kwenda Bagamoyo mjini, kilomita 5 hivi, mpaka usiku. Kuna jambo moja atalinyamazia. Siku ofisini watakapojua unapolala, utakuwa umeajiriwa kazi ya pili isiyo na mshahara wala likizo: mpokea wageni wa magofu, wakala wa samaki, mtazama hali ya bahari, na mshika funguo za kila mtu aliyenunua kiwanja upande huu akakiacha kiote majani.

Kwa kazi yangu halisi mimi ni mtunza stoo. Napokea vifaa, naandika leja, natoa karatasi na wino kwa wenye hati iliyosainiwa, na nagombana na wasiokuwa nayo. Karatasi ya majukumu yangu ina vipengele vya kueleweka mpaka ufike chini kabisa, pale wanapoweka kile kipengele ambacho kila mwajiriwa wa nchi hii anakijua: na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Kwa kipengele hicho nimeshapanga viti vya mkutano, nimeshahesabu matairi, na nimeshasimama mlangoni kugawa maji kwenye mafunzo ya watu wengine. Sikulalamika. Vizuri, nililalamika, lakini nilifanya. Mkuu wa kazi ni mmoja, anajulikana, na alichonipangia kilikuwa cha ofisi.

Tabu yangu ni wenzangu. Wao wamekisoma kipengele kile wakaruka maneno ya mwisho.

Chukua huyu jamaa wa uhasibu ambaye sisi tunamwita Masurufu. Si kwa ubaya. Ndiye anayetoa masurufu ya safari na ndiye anayekufuata mpaka chooni kudai marejesho. Alhamisi moja, saa 4 na dakika 40 usiku, nikiwa nimeshateremsha chandarua, simu ilianza kulia Wasapu kama chungu cha maharage. Nanakili kama ilivyokuja:

*Mambo*
*Upo?*
*??*
*Jmosi nna wageni wangu toka Dar. Wapeleke magofuni uwaeleze historia yote. Saa 3 asbh uwe getini*
*Na uwachukulie samaki wazuri wa kuondoka nao ntakurudishia*
*Ww si unakaa hapo hapo Kaole haikuchukui muda*
*Usiniangushe*

Baadaye simu iliita, ikakatwa kabla sijanyoosha mkono. Asubuhi, kwenye grupu la ofisi lenye watu wote hadi mkuu wa idara, nikakuta: *Stoo umeona meseji yangu?*

Sasa niruhusuni nipumue, tuitazame pamoja.

*Mambo*, halafu *upo*, halafu alama mbili za kuuliza, vyote ndani ya dakika moja. Huku pwani mtu akija nyumbani kwako anapiga hodi, anasubiri. Anapiga ya pili, anasubiri. Ya tatu ikikosa jibu, anageuka anakwenda zake bila kinyongo, maana mwenye nyumba huenda amelala, huenda anaswali, huenda anakuona dirishani na hataki kukufungulia, na hiyo pia ni haki yake. Masurufu alipiga hodi tatu akiwa ameshaingia, ameshavuta kiti na anauliza chai iko wapi. Na lile swali la kwenye grupu ndilo lililonichoma zaidi. Ombi la siri ukilikataa mnabaki mnasalimiana. Likitajwa mbele ya watu, kukataa kunakuwa tabia, na mkuu wa idara anaanza kujiuliza ni meseji gani hiyo ya kazi ambayo mtunza stoo haijibu.

Twende kwenye *haikuchukui muda*. Hii ni hesabu ya mhasibu, kwa hiyo tuifanye. Kutoka kwangu hadi kwenye geti la magofu ni mwendo wa kutembea, kweli. Lakini wageni wanatoka Dar. Hata wakisema saa 3, wana Mwenge, wana Tegeta, wana Bunju, na wakishavuka Mapinga kuna mmoja wao atakayetaka kununua machungwa. Saa 3 ya mgeni wa Dar ni saa 5 ya Kaole. Nitakuwa nimesimama getini masaa mawili nikisalimiana na mlinzi. Magofu yenyewe ukiyazunguka bila haraka ni saa nzima na zaidi: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, kisima, jumba dogo la makumbusho, halafu ule mbuyu ambao wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri, na hakuna mgeni aliyewahi kuukubali mzunguko mmoja. Kisha samaki. Samaki hawako kwenye magofu. Wako mjini, ufukweni, mnadani, kilomita 5 kwenda na 5 kurudi. Kufikia hapo adhuhuri imeshaadhiniwa na Jumamosi yangu imeshazikwa.

Na Jumamosi hiyo ni yangu kwa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na kwamba kila wiki mtu apate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mimi saa zangu zinakwisha Ijumaa jioni. Sheria haikuandika kwamba mapumziko hayo yatatumika kupokea shemeji za mhasibu.

*Uwaeleze historia yote.* Yote! Mji wenyewe uliishi mamia ya miaka, ukafanya biashara hadi ya vyombo vya Kichina, bandari yake ikamezwa na mikoko, watu wakahamia Bagamoyo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikuja kuchimba mwaka 1958 na hata yeye hakudai kuondoka na yote. Mimi najua bei ya wino wa printa. Pale getini kuna waongoza watalii ambao hiyo ndiyo kazi yao, wameisomea, wanalisha watoto kwayo. Nikijitokeza mimi na fulana yangu ya nyumbani nikaanza kueleza kaburi hili la nani, nitakuwa nimesema uongo bure huku nimemnyima mwenzangu riziki ya kusema kweli.

Kuhusu *samaki wazuri* sijui nianzie wapi. Samaki wazuri ni nani? Changu? Kolekole? Nguru wa kukata vipande? Mnadani watu wanapandishiana bei papo hapo, fungu lililokuwa la elfu kumi na tano linakwenda elfu ishirini na mbili ukiwa unapiga chafya. Bahari ikichafuka hakuna kitu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati dagaa wa maana. Mtu anayekuagiza bila kusema samaki gani, kilo ngapi, mwisho shilingi ngapi, na ufanye nini wakikosekana, hajakuagiza samaki. Amekuagiza ugomvi. Ukinunua changu atasema alitaka nguru. Ukinunua nguru atasema ghali. Na *ntakurudishia* nimeshawahi kukutana naye. Akija, anakuja kamili kama alivyokopwa, bila ya kutolea, bila nauli ya bodaboda, bila barafu.

Halafu *usiniangushe*. Sijanyanyua chochote bado, tayari nina lawama ya kudondosha.

Ijumaa saa 4 tulikutana kwa mama wa chai nyuma ya ofisi. Mimi nilikuwa na vitumbua vyangu, simtafuti mtu. Akaja amekunja uso.

"Wewe bwana, mbona hujanijibu? Nimeona tiki za buluu."

"Nilikuwa nasubiri uombe," nikamwambia.

"Sijaomba? Ile ni nini?"

"Ile ni hati ya kutolea vifaa. Umeniandikia nitoke stoo."

Mama wa chai akacheka, jambo lililomuudhi zaidi. Akasema kumbe mimi ni mtu wa makuu, nataka kupigiwa magoti, haya. Akatoa simu, akaandika pale pale akiwa amesimama, akanitumia nami nimekaa mbele yake:

*Shikamoo mkuu wangu. Naomba radhi sana sana kwa usumbufu mkubwa ninaokupa, najua uko bize na majukumu, mimi ni nani hata nikusumbue. Nilikuwa naomba kama hutojali unisaidie kidogo tu kwa wageni wangu kesho, magofu na samaki kidogo. Mwenyezi Mungu akuzidishie na akulipe kwa ukarimu wako. Nakutegemea wewe tu.*

Akaniangalia kama mtoto aliyemaliza hesabu. "Adabu hiyo. Umeridhika?"

Wasomaji wangu, nilitamani ile ya kwanza. Kwanza ananiamkia shikamoo na tumezaliwa mwaka mmoja. Hiyo ni dhihaka iliyovaa kanzu. Pili, mzigo ni ule ule. Hakuna kilichopungua, hakuna kilichofafanuliwa, isipokuwa sasa nikiukataa nitakuwa nimekataa na dua. Mungu ameshaambiwa anilipe kwa ukarimu ambao sijautoa. Na *nakutegemea wewe tu* ni *usiniangushe* ile ile iliyokwenda kuoga. Watu wengi wanadhani tofauti ya amri na ombi ni sukari. Wanamimina samahani na tafadhali juu ya jambo lile lile, kisha wanashangaa mwenzao bado amevimba.

Nikamkumbusha habari ya makufuli. Mwezi uliopita niliandika dokezo sabili kuomba fedha za makufuli ya stoo. Makufuli tu. Masurufu alilirudisha na wino mwekundu: madhumuni hayajaelezwa, idadi haipo, bei ya kila moja haipo, zinahitajika lini haijasemwa, zitalipwa kutoka kifungu gani haijaonyeshwa. Nilimchukia wiki nzima, lakini alikuwa sahihi. Mtu anayeidhinisha lazima ajue anaidhinisha nini, na lazima awe na uwezo wa kuandika "haikubaliki".

"Sasa lete dokezo lako hapa," nikasema, "nikukague. Wageni wangapi?"

"Wanne. Shemeji yangu, mumewe, na watoto wao wawili."

"Wanakuja na nini?"

"Gari yao."

"Wanafika saa ngapi kweli kweli, si saa ngapi za mdomoni?"

"Wataondoka saa 1."

"Kiingilio nani analipa? Watu wazima wana bei yao, watoto wana yao."

"Wao wenyewe, wana pesa hao kuliko mimi na wewe."

"Wewe mwenyewe utakuwa wapi?"

Hapo akanyamaza. Akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Akasema kesho wana arobaini ya baba yake mkubwa, Lugoba, na yeye ndiye anayesimamia mapishi. Wageni walishapanga safari yao kabla ya tarehe ya arobaini kubadilishwa, na watoto wameahidiwa magofu.

Nikaweka kitumbua chini. "Kwa nini hukuandika hilo?"

"Sikutaka kukusumbua na mambo yangu."

Hebu fikiri. Mtu yuko tayari kunisumbua na wageni wanne, historia ya miaka mia saba na mnada wa samaki, ila sababu, kitu pekee katika habari yote hii kinachoweza kumgusa binadamu, ameibana kifuani kwa heshima. Usiku mzima nilikuwa nimempa sababu zake mwenyewe kichwani: huyu anataka kulala, huyu anataka kwenda kutazama mpira, huyu ananiona mimi kibarua. Ukimnyima mtu sababu, ataitunga, na hakuna anayemtungia mwenzake sababu nzuri saa 4 na dakika 40 usiku.

Nikavuta hati ya stoo iliyoharibika, nikageuza nyuma kusikoandikwa. Nikaanza kumwandikia ombi lake la kuniomba mimi. Naam, nimefikia umri huo.

Kitu cha kwanza nilifuta samaki. Akaruka. "Samaki ndio muhimu! Shemeji amenisisitiza samaki!"

"Samaki wana ombi lao," nikamwambia. Ukifunga mambo mawili kwenye ujumbe mmoja, anayeweza moja na hawezi la pili anakwama: akikubali anabeba yote, akikataa anaonekana amekataa yote. Tena kwa samaki mimi si mtu wake. Dereva wa ofisi anapita mnadani karibu kila asubuhi kwa shughuli zake, anawajua madalali wa pale kwa majina ya utani. Kabla hujaomba, tazama ni nani ambaye jambo lako liko njiani kwake.

Kitu cha pili nilifuta historia. Kuwatembeza ni kwa mwongoza watalii, kwa malipo yake. Kwangu ikabaki kuwapokea na kuwakabidhi. Akauliza, kama kuna mwongozaji, wewe una kazi gani? Nikamwambia hilo ni swali ambalo angejiuliza Alhamisi. Lakini ipo: watoto wanafika ugenini, wanakuta mtu anayelijua jina la mama yao. Hilo naweza kulifanya, na ni la robo saa, na robo saa ya kweli mtu anaitoa kwa moyo mweupe kuliko dakika tano za uongo.

Tulipofika kwenye sentensi ya kukataa ndipo tulipobishana hasa.

"Ukiandika 'kama utakuwa na mambo yako niambie', si umempa mlango wa kutokea?"

"Ndiyo."

"Sasa atatoka!"

"Akitoka si ndiyo jibu lake?"

"Halafu wageni wangu?"

"Hapo sasa. Wageni wako watafanyaje mimi nikiwa na harusi Mlingotini?"

Akafikiri. Akakiri kwamba barabara ya magofu haina maficho, kuna kibao, na shemeji ana simu yenye ramani. Wangefika wenyewe. Hivyo alikuwa na njia ya pili muda wote, ila hakuifikiria kwa sababu mimi nilikuwa rahisi zaidi. Nikamwambia iandike hiyo njia ya pili ndani ya ombi. Ukimwambia mtu "usijali ukishindwa" bila kumwonyesha kwamba kweli hakuna kitakachoharibika, hatakuamini. Atakubali huku anakulaani, au atakaa kimya, na wewe utarudi kwenye tiki zako za buluu.

Mwisho ikatoka hivi:

*Habari za mchana, kaka. Nina ombi langu binafsi, si la ofisi. Kesho Jumamosi shemeji yangu, mumewe na watoto wao wawili wanakuja kuona magofu ya Kaole. Nilitaka kuwapokea mwenyewe lakini siku hiyo hiyo tuna arobaini ya baba mkubwa, Lugoba. Naomba, ukiwa na nafasi, uwapokee getini na uwakabidhi kwa mwongozaji wa pale. Kiingilio na malipo ya mwongozaji wanayo wenyewe. Wataondoka Dar saa 1. Shemeji atakupigia wakifika Mapinga ili usisimame juani. Kama una mambo yako niambie tu, wana gari na ramani, watafika. Naomba jibu lako leo jioni ili nimjulishe. Asante kwa kunisikiliza.*

Aliisoma mara mbili, akasema ni ndefu. Ni kweli ni ndefu. Ila hesabu na meseji ilizozipunguza: hakuna ya kuuliza wangapi, ya kuuliza lini, ya kuuliza nani analipa, ya kujibu "ngoja nimuulize". Ile fupi yake ilikuwa inahitaji meseji nyingine ishirini na kinyongo kimoja. Akauliza pia kwa nini hakuna *Mungu akubariki*. Nikamwambia tuiache kwanza, nibarikiwe nikishafanya.

Alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kutuma nikamshika mkono. Kulikuwa na jambo lililobaki, na nalisema hapa kwa sababu mashairi yote ya adabu hayawezi kulifunika. Madai yangu ya posho ya safari ya mwezi uliopita yalikuwa mezani kwake, yanangoja saini, tangu sijui lini. Sasa mtu ambaye karatasi yake iko chini ya kiwiko chako, ukimwandikia "kama una mambo yako niambie tu", anasoma kitu kingine kabisa. Anasoma posho. Ndivyo ilivyo pia kwa wakubwa wanaomtuma mhudumu wa ofisi akawachukulie watoto shuleni kwa sauti laini ya "mwanangu naomba". Mhudumu yule hana "hapana" ya kusema, na kumwomba vizuri hakumpi. Kwa watu wa namna hiyo ama usiombe, ama umlipe kama kazi.

"Lakini posho yako haihusiani na hili," Masurufu akasema, na kwa kweli alionekana ameumia.

"Kwako haihusiani."

Akaondoka na chai yake. Baada ya muda mhudumu akaniletea madai yangu yamesainiwa, na juu yake kikaratasi: *Hii haihusiani*. Dakika chache baadaye ujumbe ukaingia. Neno kwa neno kama nilivyouandika, nami nikausoma kama mtu asiyeujua. Na nawaambieni ulinigusa. Nilimwonea huruma mtu huyu wa Lugoba, nikaona jinsi alivyofikiri kuhusu jua, nikasema moyoni hakika huyu ni mtu mwenye utu.

Nikamjibu kwamba poleni kwa arobaini, nitawapokea, ila wakichelewa kupita saa 5 na nusu nitakuwa nimeondoka na nitamwachia mwongozaji majina yao. Kukubali nako kuna mipaka yake ya kutajwa mapema. Ukiificha ili uonekane mwema, utakuja kuisema getini umekasirika.

Wageni walipiga simu wakasema wamefika Mapinga, na kwa kelele za makonda nilizozisikia nyuma walikuwa bado Bunju. Lakini walifika saa 5 kasorobo, watoto wakashuka mbio, mwongozaji akawachukua, na mara ya mwisho nilipogeuka yule mdogo alikuwa anauzunguka mbuyu na mama yake anamwambia inatosha, utakuwa mzee. Nikarudi nyumbani. Nilikuwa na Jumamosi karibu nzima mkononi na sikujua niifanye nini, nikalala.

Masurufu amekuwa mtu mwingine. Kila mtu ofisini sasa anaombwa. Mtu wa masjala anaombwa, mlinzi anaombwa, hata mama wa chai aliandikiwa ombi la kukopeshwa chapati lenye tarehe ya malipo na njia ya pili. Mimi nilianza kujiona mwalimu, mpaka juzi dereva alipokuja stoo ameshika simu, uso umechanganyikiwa. Masurufu alikuwa anamwomba amwazime jenereta kwa shughuli ya Jumapili. Habari za mchana kaka ilikuwepo. Ombi langu binafsi, si la ofisi, ilikuwepo. Sababu ilikuwepo. Kisha: *Kiingilio na malipo ya mwongozaji wanayo wenyewe. Shemeji atakupigia wakifika Mapinga ili usisimame juani.*

Dereva akaniuliza kwa sauti ya chini kama hilo jenereta analotaka kuazimwa lina watu ndani.